Fukusi Wasio na Pua

Mkutano wa kijiji ulinichagua kuwa mtunza ghala kwa sababu moja tu: sikuwa na ndugu. Nilikuwa mke wa mwalimu, Mnyaturu kutoka Mungaa, nimeletwa na uhamisho wa mume wangu hadi kijiji cha Ujamaa upande wa Kinyangiri, kati ya Wanyiramba ambao hata kuwasalimia vizuri nilikuwa bado najifunza. Mzee mmoja alisimama akasema, "Huyu mama hana shangazi hapa, hana mjomba, hana binamu. Akiiba mtama atampelekea nani?" Watu wakacheka, wakanyoosha mikono, na mimi nikakabidhiwa ufunguo.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Nusu ya watu walikuwa wameshuka kutoka mlimani na nusu walikuwa wamehamia kutoka mbugani, na ingawa nyumba zao sasa zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, mioyo ilikuwa bado mlimani na mbugani. Walilima shamba moja la kijiji, lakini siku ya kugawa kazi kila upande ulishika jembe lake kwa kisirani. Hata mtama wa kijiji walikataa kuuchanganya. Kwa hiyo ndani ya ghala, lililojengwa kwa miti na udongo na kuezekwa bati, kulikuwa na vihenge viwili vikubwa, kimoja cha Mlimani na kingine cha Mbugani. Kila upande uliamini kwamba mtama wa upande wa pili una wadudu tangu shambani.

Mwenyekiti wetu alitoka Mbugani. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti kubwa, anayependa maendeleo kiasi cha kuyakimbilia kabla hayajamfikia. Siku moja alikuja na mfuko wa dawa ya unga mweupe, amepewa na watu wa pamba. "Tunanyunyizia vihenge vyote viwili kesho," alitangaza. "Hakuna mdudu atakayebaki katika nchi hii."

Bahati nzuri Bwana Shamba alikuwa kijijini siku hiyo, na baiskeli yake imeegemezwa kwenye ukuta wa ghala. Alikuwa kijana mrefu, kaptura yake imepigwa pasi hata baada ya safari ya vumbi. Alisoma maandishi ya mfuko mara mbili.

"Mwenyekiti," akasema kwa heshima, "hii ni ya pamba shambani. Pamba hatuli."

"Tutapepeta kabla ya kusaga."

"Haitoki yote. Utawalisha watoto dawa ya pamba. Na kwani umewaona hao wadudu?"

"Wapo," Mwenyekiti akasema. "Wadudu lazima wapo."

"Basi twende tuwahesabu kwanza."

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ya kuhesabu fukusi, kazi ambayo watu wengi waliona ni ya kichaa na mimi nikaipenda kupita kiasi. Tulikuwa tumekwisha kufanya ya mwanzo wakati wa mavuno: tulifagia ghala, tukachoma takataka na masuke yote ya zamani, tukaziba nyufa za kuta na za vihenge kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, na hakuna punje ya mwaka jana iliyoruhusiwa kulala jirani na mtama mpya. Tuling'ata punje kusikia kama zinalia kwa ukavu. Bwana Shamba alitia mtama na chumvi kavu ndani ya chupa, akatikisa. Chumvi iliposhika kwenye kioo alituambia turudishe mtama juani, na iliposhuka yote chini bila kunata, akasema sasa ingizeni.

Sasa alinikabidhi mwanzi mrefu uliochongwa ncha na kutobolewa ubavuni, wa kuchomeka ndani ya kihenge ili kuvuta mtama wa juu, wa katikati na wa chini. "Fukusi hawakai mahali pamoja," alinieleza. "Ukichota juu tu unajidanganya." Mtama wa sehemu zote ulichanganywa, ukapimwa kilo moja, ukapepetwa juu ya ungo mbele ya watu. Tulihesabu walio hai tu.

"Na ngojeni kidogo," alituonya. "Wana tabia ya kujifanya wamekufa. Mpulizie pumzi ya moto, utaona miguu."

Kanuni yake ilikuwa fupi. Kama katika kilo moja hakuna fukusi hai au yupo mmoja, funga mlango, nenda nyumbani, rudi baada ya wiki mbili. Wakiwa wawili au zaidi, upande wenye kihenge hicho unatoa mtama wote nje, unachekecha, unaanika juani umetandazwa mwembamba, unasafisha kihenge, kisha unarudisha mtama ukishapoa.

"Wawili tu?" Mwenyekiti aliuliza. "Wadudu wawili watamaliza mtama wa kijiji?"

"Hao wawili ndio unaowaona. Jike hutoboa punje akatia yai ndani, na mtoto anakulia humo humo. Kila unayemwona nje ana wenzake ndani ambao bado hawajatoka kukusalimia."

"Basi tuwatoe kila wiki, tusingoje."

"Kila ukitoa mtama wote unachosha watu, unavunja punje, na fukusi hupenda sana punje zilizovunjika. Tusifanye kazi isiyohitajika, wala tusichelewe inapohitajika. Ndiyo maana tunahesabu."

Mfuko wa dawa aliurudisha mwenyewe kwa watu wa pamba, umefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Mwenyekiti aliutazama ukienda kama mtu anayesindikiza mgeni aliyemkosesha karamu.

Kila hesabu iligeuka mashindano. Alhamisi ya kuhesabu ilipofika watu walikuja kama wanakuja mnadani. Mlimani wakipata fukusi mmoja na Mbugani wasipate, Mbugani walitembea wiki mbili vifua mbele. Mama mmoja wa Mlimani aliniuliza kama fukusi aliyevunjika miguu anahesabiwa nusu.

Kisha ikaja habari ya mpira. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kucheza Jumapili moja ya mwezi wa kumi, baada ya ibada, kwenye uwanja wa shule. Mlimani walikuwa na washambuliaji wawili wenye mbio za swala. Mbugani walikuwa na golikipa, mtoto wa Mwenyekiti, ambaye uhodari wake ulijulikana hasa kwa bibi yake.

Huyo bibi, mama mzazi wa Mwenyekiti, alikuwa mwembamba kama mchi, mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi. Alivuta ugoro, na kila alichokuwa nacho duniani alikifunga kwenye pindo la khanga yake. Alinipenda, au alipenda kunicheka. Mimi nilimwamkia "Shikamoo bibi," yeye akaitika "Marahaba," kisha akaendelea kwa Kinyiramba cha haraka, na mimi nikamjibu kwa Kinyaturu, na tukaachana kila mtu akiamini ameshinda.

Alhamisi kabla ya mpira, watu walijaa ghalani. Kila mmoja alijua hesabu ilikuwa na maana gani: upande utakaovuka kanuni ungetumia Ijumaa, Jumamosi na labda hata Jumapili asubuhi kubeba mtama, na wachezaji wangeingia uwanjani migongo imekwisha. Tulianza na kihenge cha Mbugani. Hakukuwa na hata mmoja. Kelele zikapanda hadi kwenye bati.

Nikachomeka mwanzi kwenye kihenge cha Mlimani, juu, katikati, chini. Nikamimina kwenye ungo. Bibi alikuwa amesogea hadi mbele, akainama, akatia mkono kwenye mtama na kuupitisha kati ya vidole.

"Mtama mzuri huu," akasema kwa Kiswahili, jambo ambalo lingepaswa kunishangaza. "Mwekundu. Mzito."

"Ahsante, bibi. Sasa nipishe nihesabu."

Akanipisha. Nikapepeta, na wadudu wakaanza kukimbia. Walikuwa tisa, wote wazima, wote wana haraka, na mmoja alifungua mabawa akaruka hadi kwenye shati la Mwenyekiti.

Mbugani walilipuka. Mlimani walisimama midomo wazi. Kiongozi wao, mzee mwenye kofia ya kitambaa ambaye tulimwita Mzee wa Mlimani, alishika kichwa. "Wiki mbili zilizopita alikuwepo mmoja! Wamezaa usiku au mchana?"

"Kanuni ni kanuni," Mwenyekiti akasema, akijitahidi asitabasamu kwa sababu ya cheo chake. "Tisa ni zaidi ya wawili. Kesho asubuhi Mlimani mtoe mtama wote."

Mimi nilikuwa bado nimeinamia ungo. Fukusi wa mtama niliwajua kama ninavyojua vyombo vyangu vya jikoni. Ni mweusi-kahawia, ana vidoa vinne hafifu mgongoni, na mbele ana pua ndefu nyembamba kama mdomo wa birika. Kwa pua hiyo ndiyo anatoboa punje. Hutembea polepole, ukimgusa anakunja miguu na kujifanya maiti. Hawa tisa walikuwa wafupi, wanene kwa nyuma, mabawa yao hayakufika mwisho wa tumbo, wana mabaka, na wanakimbia kama watu waliosikia ng'oma.

"Mwenyekiti," nikasema, "hawa hawana pua."

"Hawana nini?"

"Pua. Fukusi wa mtama ana pua ndefu. Hawa ni wa kunde."

"Mdudu ni mdudu!" mtu wa Mbugani alipiga kelele. "Kanuni haikusema pua!"

"Kanuni inahesabu wanaokula mtama. Hawa hawali mtama. Mkubwa wa kunde hata kunde zenyewe hazili, anataga tu, na watoto wake ndio wanaokula. Kwenye mtama hawezi kuishi na watoto."

Ukazuka ubishi ambao sitausahau. Mbugani walisema mke wa mwalimu ameanza kuleta masomo. Mlimani walisema mke wa mwalimu ni mtu wa haki kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Mzee wa Mlimani alidai wadudu wapekuliwe pua mmoja mmoja. Nikawaambia tufanye jaribio wazi, kila mtu aone. Nikachukua chupa mbili za kioo. Moja nikaitia mtama safi, nyingine kunde zangu mwenyewe nilizozichambua punje kwa punje. Wadudu wanne nikawaweka huku, wanne kule, yule wa kwenye shati la Mwenyekiti alikuwa amekwenda zake. Nikafunga midomo kwa vitambaa, nikaziacha chupa kwenye dirisha la ofisi ya kijiji mahali pa kuonwa na wote.

"Jumamosi tutatazama," nikasema. "Na sasa ngojeni, nivute mtama mwingine kutoka kihenge kile kile."

Nikarudia kazi yote kwa mwanzi, na safari hii sikumruhusu mtu kusogea karibu na ungo. Alipatikana fukusi mmoja, mwenye pua yake kamili, aliyejifanya amekufa mpaka nilipompulizia. Mmoja ni chini ya wawili. Lakini Mwenyekiti aliamua uamuzi wa mwisho ungojee Jumamosi, na Mlimani walikwenda kulala bila kujua kama watacheza au watabeba.

Ijumaa nzima watu walipita dirishani kutazama chupa, wakiwemo watu ambao kwa kawaida hawakuwa na shughuli yoyote ofisini. Bibi alipita mara mbili. Mara ya pili aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari ya mvua, "Hao wadudu wako wanakula nini humo?"

"Wanataga, bibi. Subiri kesho."

Alivuta ugoro akaenda zake.

Jumamosi asubuhi nilimwaga kunde kwenye sahani nyeupe. Hata mtu mwenye macho mabovu aliweza kuona: juu ya kunde kulikuwa na vidoa vyeupe vidogo, vimenata kama vimegandishwa kwa gundi. Hayo ndiyo mayai yao. Nikamwaga mtama kwenye sahani nyingine. Haukuwa na alama yoyote ya yai wala tundu, na wadudu wawili walikuwa wamekwisha kufa.

"Kwa hiyo," Mzee wa Mlimani akasema polepole, akigeuka kuwatazama watu wote, "wadudu wa kunde wametoka wapi hata wakaingia kwenye mtama wetu? Sisi hatuna kunde ghalani."

Watu wakatazamana. Hapo hapo bibi, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigogo mbele kabisa, aliona ni wakati mzuri wa ugoro. Akafungua pindo la khanga. Akatoa kikopo. Na nyuma ya kikopo wakatoka wadudu wawili, wanene kwa nyuma, mabawa mafupi, wakapanda juu ya kidole chake, mmoja akaruka.

Sijawahi kusikia kijiji kizima kikicheka kwa wakati mmoja kabla wala baada ya siku hiyo. Mlimani walicheka kwa kushinda, Mbugani walicheka kwa sababu hawakuweza kujizuia. Mwenyekiti alifunika uso kwa kofia. Bibi peke yake ndiye hakucheka. Alimtazama yule mdudu akiruka, kisha akanitazama mimi.

"Wewe," akasema, "unajua pua za wadudu. Mumeo amepata kazi."

"Mama!" Mwenyekiti alisema. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Nilitaka mjukuu wangu apate siku njema. Wale wawili wa Mlimani wana mbio mno. Nikasema wabebe mtama kidogo, wapunguze."

Mlimani walidai atozwe mbuzi. Mbugani walisema mzee hatozwi mbuzi kwa wadudu tisa. Mimi nilikuwa nafikiria jambo jingine, na nikalisema: kama bibi ana wadudu wa kutosha kufunga kwenye khanga, basi kunde zake nyumbani zina hali gani?

Tukaenda kuona. Alikuwa na nusu gunia, mavuno yake yote, yamening'inizwa kwenye dari ya tembe. Nilipofungua mdomo wa gunia hewa ya moto ilinipiga usoni, na kunde zilikuwa zimetoboka matundu ya duara kama vifungo. Nilimwonea huruma. Alikuwa ametutania kwa mali yake mwenyewe inayoliwa, na nadhani hakuwa amejua kuliwa kumefika wapi.

"Bibi," nikamwambia, "hapa hatuhesabu tena. Hapa tulivuka kanuni zamani."

"Nipe basi ule unga mweupe wa Mwenyekiti."

"Umerudi kwa wenye pamba. Lakini jua lipo, na majivu yapo. Watu tu ndio hawapo."

Macho yake yakameta. Aligeuka kumtazama mjukuu wake, golikipa, aliyekuwa amesimama mlangoni na wenzake wakicheka. "Watu wapo," akasema. "Hizi kunde ni ninyi mnaozila kila mkitoka mazoezini. Njooni hapa."

Hivyo timu ya Mbugani ilitumia Jumamosi yote na Jumapili asubuhi, kati ya ibada na mpira, kuokoa kunde za bibi. Mlimani walileta vigoda wakakaa kutazama. Tulichekecha kwanza, tukachoma vumbi na wadudu walioanguka ili wasirudi nyumbani kwa miguu yao. Tukachambua zilizotoboka tukawapa kuku. Zilizobaki tukazitandaza kwenye mabati ya paa la darasa jipya, yaliyokuwa yamelazwa yakingoja mafundi, na jua la mwezi wa kumi likayafanya mabati yasishikike kwa mkono. Za mbegu nilizitenga kivulini, kwa sababu moto mkali wa namna hiyo huua uhai wa mbegu. Zilipopoa, za kula na za mbegu zote zilichanganywa na majivu makavu yaliyochekechwa, mengi, hadi yakajaza nafasi kati ya kunde na kunde ili mdudu asipate pa kupita. Tukajaza mitungi na madebe hadi shingoni, tukaziba kwa nta na udongo. Mdudu aliyebaki ndani hana njia wala hewa ya kutosha.

Golikipa aliingia uwanjani mikono imejaa majivu mpaka viwikoni, hana muda wa kunawa. Na hapo ndipo Mlimani walipoona ubaya wa kucheka mapema. Mpira uliopigwa na wale wawili wenye mbio za swala ulinata mikononi mwa kijana yule kama umepakwa gundi. Alidaka kila kitu. Mzee wa Mlimani aliingia uwanjani kusimamisha mchezo, akidai majivu ni silaha. Mume wangu, aliyekuwa mwamuzi, alisema hajasoma kanuni yoyote ya majivu. Mpira uliisha bila kwa bila, na bibi alicheza ngoma peke yake kuzunguka goli.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo Mwenyekiti aliliita wazimu. Nilimwomba bibi awe mhesabuji wangu. Nilisema mtu anayejua namna ya kuingiza fukusi ndani ya ungo atajua pia namna ya kuwatoa. Mlimani walipinga, kisha wakakubali kwa sharti kwamba khanga yake ifunguliwe kila pindo kabla ya kuhesabu. Alikubali kwa furaha, na kila Alhamisi alifungua pindo moja moja mbele ya watu kama anafungua sherehe.

Masika yalipokolea, unyevu ukaingia kila mahali na fukusi wakaanza kuongezeka. Mbugani walipata mmoja, mara mbili mfululizo. Mlimani hawakupata hata mmoja, na wakaanza tena kutembea vifua mbele. Bibi hakuamini. Alhamisi iliyofuata alikaa kwenye kigoda chake karibu na ungo, mikono mapajani, anasinzia. Kijana mmoja wa Mlimani alikuwa akinisaidia kushika ungo. Ghafla bibi akafungua macho, akamshika kijana mkono.

"Toa ulimi," akasema.

"Bibi?"

"Toa ulimi, tuone."

Kijana alitoa ulimi. Juu yake kulikuwa na fukusi wawili, wenye pua ndefu, mmoja bado anatembea. Alikuwa analowesha kidole, anawanasa kwenye ungo, kisha anajilamba kama mtu anayeonja chumvi.

Mzee wa Mlimani alivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. Siku iliyofuata jua lilitoka kati ya mawingu, na Mlimani walitoa mtama wote. Tulipofagia kihenge kitupu tulikuta ufa chini, upande wa ukuta, na ndani ya ufa punje zilizokuwa unga mtupu, zimejaa wadudu. Tulizichoma zote, tukaziba ufa, tukaanika, tukachekecha, na mtama ukarudi kihengeni ukiwa umepoa. Tulipopima tena baada ya wiki mbili hakupatikana hata mmoja, na safari hii ulimi wa kila mshika ungo ulikuwa umekaguliwa.

Bibi alisimamia kazi yote akiwa amekaa kivulini mwa ghala. Kila kijana wa Mlimani aliyepita mbele yake na gunia begani, alimwita na kumwuliza kwa upole kama fukusi ni watamu kuliko kunde.